Mdada wa Mawigi na Zile Dakika Mbili Zilizomtoa Jasho

Kuna mdada mmoja wa Mbagala, jina litabaki kabatini, ila wengi mnamjua kwa sura. Ni yule anayetangaza mawigi na pafyumu za bei chee, anacheza kidogo, anazungusha shingo, anamaliza kwa kicheko chake kile. Kamera haimtishi hata kidogo. Mweke stendi ya daladala saa moja asubuhi watu wamejaa, atapiga klipu yake na kuondoka.

Sasa mdada huyu aliomba ufadhili wa masomo. Fomu aliijaza vizuri, vyeti akavipiga picha, akafika kipengele cha mwisho: tuma video ya dakika mbili, ongea mwenyewe mbele ya kamera, tueleze wewe ni nani, unataka kufika wapi, na unaomba nini. Akacheka. Dakika mbili? Yeye? Alidhani atamaliza kabla ugali haujaiva.

Ilimchukua siku tisa.

Jioni ya kwanza aliweka ile taa yake ya duara, akapaka rangi ya mdomo, akabonyeza kitufe na kuanza: "Kwa majina naitwa fulani, nimezaliwa mwaka 2004, ni mtoto wa pili katika familia ya watoto wanne, elimu ya msingi nilipata katika shule ya..." Alipotazama saa, sekunde 40 zilikuwa zimeshakwenda na hakuna kitu alichosema ambacho hakikuwa kwenye fomu. Jina, mwaka, shule, matokeo, vyote walikuwa navyo mezani. Theluthi ya muda wake ameitumia kuwasomea watu karatasi wanayoiona wenyewe.

Akarudia. Safari hii akaruka utangulizi, akaenda moja kwa moja kwenye maisha magumu. Mama anauza vitumbua, baba aliondoka, nyumba ya kupanga, na mdogo wake wa kiume ana sikoseli. Hapo kwa mdogo wake ndipo alipoweka nguvu. Akaeleza usiku wa maumivu, akasema "wakati wowote tunaweza kumpoteza", machozi yakamlenga. Video ikafika dakika 1 na sekunde 52 ndipo akakumbuka kwamba alitakiwa kuomba kitu. Akamalizia haraka haraka, "hivyo basi naomba msaada wenu, Mungu awabariki." Kwisha.

Msaada gani? Wa nini? Kiasi gani? Haijulikani. Ukiangalia ile video unabaki na huzuni tu, hujui ufanye nini na hiyo huzuni.

Yeye aliona ni kali. Shida aliyoiona ni kwamba sauti ilitetemeka vibaya, kwa hiyo akarudia tena, na tena. Nyumba zetu za uswahilini mnazijua, ukuta mmoja vyumba viwili, dari hakuna. Mdogo mtu alikuwa upande wa pili, amelala kitandani anakula chipsi zake kwa amani. Ilipofika mara ya kumi na moja akagonga ukuta.

"Dada, leo umeniua mara kumi na moja."

Mdada akanyamaza.

"Shule unaenda wewe. Mbona hadithi yote yangu?"

Dogo ana miaka 17. Anaumwa ndiyo, kuna siku anapiga kelele mpaka majirani wanakuja. Lakini pia anacheza gemu, anabishana mpira, ana mademu wawili wanaomtumia meseji. Hakuwahi kuulizwa kama anataka watu asiowajua wakae mezani wamhurumie. Hiyo siku dada mtu alizima taa ya duara akaenda kukaa barazani, na haikuwa kwa sababu ya joto.

Tuseme ukweli. Mtu akiambiwa aeleze "hadithi yake", anakimbilia maumivu makubwa kuliko yote yaliyopo nyumbani, hata kama si yake. Kumbe wanaosikiliza wanataka kumjua huyu aliyekaa mbele ya kamera. Aliona nini, akafanya nini. Ugonjwa wa mdogo wako unawaambia kuhusu mdogo wako.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu mtaani kwao, mzee ambaye kwa miaka kadhaa alikaa kwenye kamati ya kusomesha vijana kanisani kwake. Akamwonyesha ile video ya machozi. Mzee akaitazama yote, akavua miwani.

"Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, na video nimeiona. Sasa niambie, unaomba nini?"

"Ufadhili, Mwalimu."

"Ufadhili ni nini? Madaftari? Nauli? Sema namba."

Akasema anaona aibu kutaja hela kwenye kamera, ataonekana ana tamaa. Mzee akacheka. "Fundi akija kwako hasemi nisaidie. Anakwambia dirisha hili ni elfu themanini, vioo humo, misumari humo. Unakubali au unakataa, lakini umemwelewa. Sisi kwenye kamati mtu akija na kilio bila hesabu tulikuwa tunamwonea huruma sana, halafu tunampa yule mwenye hesabu. Kwa nini? Kwa sababu tukienda kwa wenye hela tunaulizwa ni shilingi ngapi, na sisi hatuwezi kujibu 'analia sana'."

Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Wakakaa na karatasi. Mdada alikuwa amepata nafasi ya kusoma Diploma ya Maabara, miaka mitatu. Ada ya chuo kile ni 1,500,000 kwa mwaka. Koti jeupe, sare na vifaa 180,000. Atakaa nyumbani, kwa hiyo hosteli hapana, ila nauli 1,200 kwa siku, kwa siku kama 200 za masomo ni 240,000. Jumla ya mwaka wa kwanza 1,920,000.

"Na wewe una nini?" mzee akauliza.

Hapo mdada akashtuka kidogo, maana hakuwahi kufikiri kwamba hilo linahusika. Alikuwa amejibana kwenye hela ya matangazo ya mawigi, ana 420,000 kwenye simu. Alikuwa anaificha, akiogopa wakijua ana hela watasema hana shida. Mzee akamwambia ni kinyume chake kabisa. Hela ile ndiyo ushahidi kwamba hataacha chuo katikati kwa kukosa nauli. Angalia hesabu: 180,000 na 240,000 ni 420,000 kamili. Yaani sare, vifaa na nauli anavyo tayari, kinachobaki ni ada tu. Ombi limejichora lenyewe.

Lakini akateleza tena. Alipoandika upya, aliomba ada ya mwaka mmoja. Adabu za kwetu hizi, ukikaribishwa chakula unasema umeshiba. Mzee akamuuliza, "Mwaka wa pili utalipa na nini?" Kimya. "Basi umewaambia walipe milioni moja na nusu ya kukuangusha mwaka wa pili." Fomu ilikuwa inasema wazi kwamba wanafadhili kozi mpaka iishe. Kuomba pungufu ya kile unachohitaji kunampa msomaji wasiwasi, anaona mpango wako haufiki mwisho.

Ombi likawa limekaa. Ikabaki hadithi. Akarudi kwa dogo, safari hii kwa kumuuliza. "Niseme nini kukuhusu?" Dogo akafikiri, akasema, "Sema ile siku ya benchi." Akaongeza sharti moja, jina lake lisitajwe.

Siku ya benchi dada mtu alikuwa na miaka 15. Dogo alilazwa, daktari akaagiza aongezewe damu. Mtu hawekewi damu hivi hivi tu, lazima maabara wapime kundi lake na wachanganye kidogo damu yake na ile ya kwenye mfuko waone kama zinaelewana. Zisipoelewana, mwili unaishambulia damu iliyoingia, na mgonjwa anaweza kufa kwa kitu kilicholetwa kumwokoa. Sasa zamu ile maabara kulikuwa na mtu mmoja na foleni ndefu. Binti akakaa kwenye benchi karibu na dirisha la maabara anamwangalia yule mtu anakimbia kutoka meza hii kwenda ile. Hilo aliliona yeye, kwa macho yake. Hapo ndipo alipoanza kuitaka hii kazi, na ajabu ni kwamba katika video kumi na moja za kwanza hakuligusa hata mara moja.

Kuhusu lugha, maelekezo yaliruhusu Kiswahili au Kiingereza. Rafiki zake walimwambia apige Kiingereza aonekane msomi. Alijaribu, ikatoka kama roboti anayesoma tangazo la ndege, macho juu, anatafuta neno linalofuata. Akarudi Kiswahili.

Halafu urefu. Mwanzoni aliandika maneno zaidi ya 400, akawa anayakimbiza kama mnadani. Akajipima: akiongea kawaida, kama anamweleza shangazi, anatoa maneno kama 115 kwa dakika. Dakika mbili ni 230. Ukitoa sehemu za kuvuta pumzi na sekunde chache za akiba, kwa sababu mifumo mingine ikifika 2:00 inakata tu, ni bora uishie chini ya 200. Akakata. Akakata tena. Kilichobaki ni hiki, na yeye mwenyewe ameruhusu kiwekwe hapa:

"Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mdogo wangu ana sikoseli, na siku hiyo daktari alisema aongezewe damu. Damu ilikuwepo kwenye friji. Lakini kabla ya kumwekea mtu damu, lazima maabara wapime kama inaendana na yake, na zamu ile maabara alikuwepo mtu mmoja. Nilikaa kwenye benchi nje ya dirisha lake kuanzia saa nane mchana mpaka saa mbili usiku. Hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake. Mdogo wangu alipona, na ameniruhusu niwaambie hili.

"Mimi nataka kuwa mtu wa pili kwenye chumba kile. Nimepata nafasi ya kusoma Diploma ya Maabara, miaka mitatu. Nikimaliza nataka kufanya kazi hospitali ya wilaya, upande wa damu, kwa sababu huko ndiko watu wanakaa kwenye benchi. Tangu nimalize kidato cha nne natengeneza video za matangazo ya biashara ndogo ndogo, na kwa kazi hiyo nimeweka akiba ya shilingi laki nne na elfu ishirini.

"Ninachoomba ni ada. Milioni moja na laki tano kwa mwaka, kwa miaka mitatu, jumla milioni nne na nusu. Sare, vifaa na nauli ya mwaka wa kwanza nitalipa kwa akiba yangu, na miaka inayofuata nitaendelea na matangazo siku za wikiendi. Naomba mnilipie ada hiyo. Asanteni."

Isome kwa sauti taratibu uone. Inaisha kabla ya dakika mbili na hakuna mahali umekimbizwa. Angalia pia jinsi kauli moja inavyoishika nyingine: benchi limezaa lengo, lengo limezaa ada. Ukitoa benchi, ile "nataka kufanya kazi upande wa damu" inabaki maneno matupu ya kila mtu.

Ila kuiandika ni jambo moja, kuitamka ni lingine. Mdada aliyezoea muziki nyuma na klipu za sekunde 15 zilizokatwa katwa, sasa anatakiwa akae ametulia, hakuna muziki, hakuna kukata. Mikono hajui aiweke wapi. Na macho! Kwa kamera ya mbele mtu anajitazama mwenyewe kwenye kioo, kwa hiyo anayeangalia video anaona unamtazama kidevu. Alitumia kamera ya nyuma, akabandika kastika kadogo cha wigi pembeni ya kile kijicho cha kamera, akawa anaongea na kastika. Simu aliipandisha kwenye ndoo mbili na msahafu wa makatalogi ya nywele mpaka ikafika usawa wa macho, maana ikiwa chini inakuonyesha matundu ya pua na mabati.

Taa ya duara aliiacha. Inaweka viduara viwili kwenye macho, na kwenye video ya namna hii ukionekana unatangaza bidhaa umeshajiharibia. Akakaa uso kwa dirisha saa moja na nusu asubuhi, mwanga umemjia mbele. Mwanzoni alikuwa ameweka dirisha nyuma yake, akatoka mweusi tii kama shahidi aliyefichwa sura kwenye taarifa ya habari.

Sauti ndiyo ilimtesa zaidi. Bodaboda, jogoo, jirani na singeli yake. Alijaribu usiku wa manane, ikaja mvua juu ya bati. Mwishowe aliegesha godoro ukutani, akatundika makhanga, akazima feni, akaisogeza simu iwe umbali wa mkono mmoja. Sauti ikawa ya karibu, haina mwangwi wa bafuni. Ile moja nzuri kuliko zote, aliyoitoa kwa utulivu mpaka mwisho, ilikatwa sekunde ya 97 na simu iliyopigwa na mteja wa wigi. Aliyofuata ikapigiwa kengele na meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii". Ndipo akajifunza kuiweka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kubonyeza chochote.

Alipopata moja safi akamwonyesha dogo kabla ya kutuma. Dogo akatazama mpaka mwisho, akasema, "Hapo uliposema nilipona, umekosea. Sikoseli sijapona. Sema nilitoka salama." Mdada alitaka kulia. Lakini dogo alikuwa sahihi, na watu wa maabara ndio wangecheka kwanza kusikia kosa lile kutoka kwa mtu anayetaka kuingia kwao. Godoro likaegeshwa upya. "Mdogo wangu alitoka salama, na ameniruhusu niwaambie hili."

Kutuma nako kulikuwa na mtego wake. Fomu ilitaka linki ya YouTube. Video ilikuwa na zaidi ya MB 250, bando lake la MB 500 lilitosha kupandisha mara moja tu, hakuna kukosea. Akaipandisha, akachagua Private kwa sababu hakutaka mashabiki wa mawigi waione, akanakili linki, akaijaribu kwenye simu yake. Ikafunguka. Akataka kutuma. Kwa bahati akamwomba kaka mmoja anayehariri video za harusi aifungue kwenye simu yake. Ikagoma. Private inafunguka kwa mwenye akaunti na wale aliowaruhusu yeye tu. Kamati ingebonyeza, ingekuta pamefungwa, ingehamia kwa mwombaji anayefuata. Akabadilisha kuwa Unlisted, ambayo haitokei mtu akitafuta lakini mwenye linki anaiona. Kubadilisha hakukuhitaji kupandisha upya, bando likapona. Kwa hiyo linki yako usiijaribu kwenye simu yako. Ijaribu kwa mtu mwingine, na siku ya mwisho isiwe imebaki saa moja.

Wiki kadhaa baadaye aliitwa kwenye usaili. Alikuwa amejiandaa kuulizwa habari za dogo, na hawakumuuliza hata neno moja. Waliuliza ile akiba iko wapi, akawaonyesha kwenye simu. Wakauliza mwaka wa pili itakuwaje wateja wa matangazo wakipungua, akajibu anao watatu wa kudumu, akataja kila mmoja anamlipa kiasi gani. Mmoja akamuuliza kama anajua kazi ya maabara ni ya kusimama saa nyingi bila mtu kukupigia makofi. Akasema ndiyo, aliiona kutoka kwenye benchi.

Ada wamemlipia. Inakwenda moja kwa moja chuoni, muhula kwa muhula, akifeli inasimama. Mawigi bado anatangaza, Jumamosi na Jumapili tu. Wiki iliyopita kuna shabiki kamwandikia chini ya klipu, "dada siku hizi umepotea, kuna mzungu nini?" Hakujibu. Alikuwa na jaribio la damu Jumatatu.